Mili, kilo na maikro: sifuri zinazopotea kwenye Kanuni ya Ohm

Anayekosa swali la V = I × R chuoni mara chache huwa amekosa kanuni. Kanuni anaijua tangu sekondari, anaweza kuiandika akiwa usingizini. Anachokosa ni sifuri. Jibu linatoka kubwa mara elfu au dogo mara elfu, na kwa kuwa kikokotoo hakibishi, analiandika hivyo hivyo, anapigia mstari mara mbili, anahamia swali linalofuata.

Chukua swali hili la kawaida kabisa: rezista ya 4.7 kΩ imewekewa volti 9 kati ya ncha zake, tafuta mkondo. Uliza watu kumi wa mwaka wa kwanza na usishangae ukipewa majibu matatu. Wa kwanza atasema ampea 1.9, kwa sababu amegawanya 9 kwa 4.7 na kuisahau ile k. Wa pili atasema mili-ampea 0.0019. Huyu amegeuza kilo vizuri, amegawanya 9 kwa 4700 na kupata 0.0019, ila namba hiyo ni ya ampea. Yeye ameipachika jina la mili-ampea kwa sababu ndilo alilolizoea kwenye daftari la maabara. Wa tatu atasema mili-ampea 1.9, na huyo ndiye aliyepata.

Makala haya yanafundisha namna ya kuwa yule wa tatu bila kuhesabu sifuri kwa vidole.

Kilo ni buku

Tuanze na kitu unachokifanya kila siku. Mwenye duka akikwambia kitu ni buku nne na mia saba, huandiki 4 × 10³ + 700 kwenye kiganja. Unajua ni shilingi 4,700. Rezista nayo inasema vivyo hivyo. Kwenye michoro ya saketi utaikuta imeandikwa 4k7, na hiyo ni buku nne na mia saba ya omu: omu 4,700, yaani 4.7 kΩ. Herufi k imekaa mahali pa nukta ili nukta isifutike karatasi inapotolewa kopi. Ukikuta 4R7, R imesimama badala ya omu, kwa hiyo hiyo ni omu 4.7 tu. Ukikuta 470R, ni omu 470.

Kilo basi ni elfu moja ya kitu. Mega ni milioni. Upande wa kushuka, mili ni sehemu moja ya elfu, maikro ni sehemu moja ya milioni, nano ni sehemu moja ya bilioni, na piko ni sehemu moja ya trilioni. Kila ngazi ni elfu moja, juu au chini. Kwa hiyo hatua za kubadilisha ni za sifuri tatu tatu, wala si moja moja kama sentimita na desimita zilizotusumbua shule ya msingi.

Swali linalowasumbua wengi ni hili: nukta iende kulia au kushoto? Fikiria chupa ya maji. Nusu lita ni mililita 500. Hakuna mtu anayekosea hapo, kwa sababu maji yenyewe hayajabadilika. Umechagua kipimo kidogo zaidi, ndiyo maana unahitaji vipimo vingi zaidi. Kipimo kikipungua, namba inaongezeka. Ampea 0.5 ni mili-ampea 500. Ampea 0.015 ni mili-ampea 15. Ukigeuza kuelekea kipimo kidogo na namba yako nayo ikapungua, simama hapo hapo. Umeenda upande usio wake.

Angalia pia herufi yenyewe. m ndogo ni mili, M kubwa ni mega, na kati ya hizo mbili kuna mara bilioni moja. Maikro ni µ, lakini kwa kuwa kibodi nyingi hazina µ, utaiona imeandikwa u, kama 100uF. Usiigeuze kuwa m.

Familia inayojitosheleza

Walimu wengi hufundisha hivi: geuza kila kitu kiwe volti, ampea na omu, ndipo uweke kwenye kanuni. Njia hiyo ni sahihi, na ukichanganyikiwa irudie. Ila saketi nyingi ndogo tunazozigusa maabara zina volti chache, rezista za kilo-omu na mikondo ya mili-ampea. Ukigeuza zote kwanza, unaingiza sifuri tatu mahali pamoja na kuzitoa tatu mahali pengine, na kila safari ni nafasi ya kupoteza moja.

Tazama kinachotokea ukiziacha kama zilivyo. Mili-ampea ni sehemu ya elfu ya ampea. Kilo-omu ni omu elfu. Ukizidisha, elfu iliyogawanya na elfu iliyozidisha zinafutana, na inabaki volti tupu:

mA × kΩ = V

Kwa hiyo pia V ÷ kΩ = mA, na V ÷ mA = kΩ. Hii ni familia moja; ukiwa na wawili, wa tatu anakuja na jina lake tayari. Volti 9 kwa 4.7 kΩ ni mili-ampea 1.9. Hakuna sifuri iliyoandikwa popote.

Familia ya pili ni ya mikondo midogo sana: maikro-ampea na mega-omu. Milioni inafutana na milioni, tunapata µA × MΩ = V.

Hatari inakuja unapochanganya ukoo. Ukiweka mili-ampea pamoja na omu tupu, jibu lako ni mili-volti. Mili-ampea 15 kwenye omu 100 zinatoa 1500, na hizo ni mili-volti 1500, yaani volti 1.5. Anayeandika volti 1500 amepata namba sahihi na kuipa jina la mtu mwingine.

Shika nanga moja kichwani: volti 1 kwenye kilo-omu 1 inasukuma mili-ampea 1. Kila jibu lipimie hapo. Volti 9 kwenye karibu kilo-omu 5 lazima iwe karibu mili-ampea 2. Jibu la ampea 1.9 linajikataa lenyewe.

Tuifanyie kazi: LED na betri ya volti 9

Unataka kuwasha LED nyekundu kwa betri ya volti 9. LED nyekundu ya kawaida inapowaka hubaki na karibu volti 2 kati ya ncha zake, na mili-ampea 15 zinatosha kuing'arisha vizuri. Rezista gani iwekwe kwenye mfululizo nayo?

Kwanza volti za rezista. Betri inatoa 9, LED inachukua 2, rezista inabaki na 7. Hapa ndipo Kanuni ya Ohm inapotumika: kwa volti 7 zilizo juu ya rezista. Zile 9 ni za saketi nzima, usiziweke humu.

Pili, familia:

R = 7 V ÷ 15 mA = 0.467 kΩ

Sasa kipimo kikipungua namba inaongezeka: 0.467 kΩ ni omu 467. Dukani hakuna 467. Iliyo karibu kwenye rezista za kawaida ni omu 470, ambayo rangi zake ni njano, zambarau na kahawia. Rudi nyuma uhakiki: 7 ÷ 0.47 ni mili-ampea 14.9. Tumefika.

Tuone sasa kosa la sifuri linafanya nini kwenye meza. Jamaa mmoja amepata 0.467, akasahau kuwa hizo ni kilo-omu, akaenda kutafuta rezista ya nusu omu. Kwa hesabu, volti 7 kwenye omu 0.467 ni ampea 15. Betri ndogo ya volti 9 haiwezi kutoa mkondo huo, lakini utakaotoka unatosha kuiua LED kabla hujaondoa mkono. Mwingine amekosea kwenda juu, akasoma bendi ya tatu kuwa nyekundu badala ya kahawia, akaweka 4.7 kΩ. Yeye hataunguza kitu. LED itawaka kinyonge, kwa mili-ampea 1.5, naye ataanza kusema betri imeisha. Aliyeweka 470 kΩ atapata maikro-ampea 15, na mchana kweupe ataapa kuwa LED ni mbovu.

Hapo kuna somo la kubaini kosa. Vifaa vyenyewe havina usahihi kamili, lakini upungufu wao ni wa asilimia. Rezista yenye bendi ya mwisho ya dhahabu inaruhusiwa kupotoka asilimia 5. Kwa hiyo ukipima mili-ampea 14.5 ulipotegemea 14.9, mambo ni sawa. Ukipima 1.5 ulipotegemea 15, usilaumu kiwanda. Tofauti ya mara kumi, mia au elfu ni sifuri iliyopotea: kwenye rangi, kwenye hesabu, au kwenye kusoma mita.

Ukizidisha mkondo mara mbili, mili nayo inazidishwa

Rezista ile inapata joto, na ni lazima tujue kama itahimili. Nguvu ni volti mara mkondo. Familia inaendelea kutusaidia: V × mA = mW. Volti 7 mara mili-ampea 15 ni mili-wati 105. Rezista ndogo ya robo wati inaruhusu mili-wati 250, kwa hiyo tuko salama.

Shida inaanza mtu anapotumia P = I² × R. Anaandika 15² ni 225, anazidisha kwa 470, anapata 105,750. Hadi hapo sawa. Kisha anasema: mkondo ulikuwa wa mili, kwa hiyo nagawanya kwa elfu, jibu ni wati 105.75. Wati mia na kitu kwenye kitu chenye urefu wa punje ya mchele! Kilichotokea ni kwamba mkondo umezidishwa kwa wenyewe, na mili yake nayo imezidishwa kwa yenyewe. Mili mara mili ni maikro. Inabidi kugawanya kwa milioni: wati 0.106, yaani mili-wati 106, zilezile tulizopata mwanzo ukiacha tofauti ndogo ya kukadiria 470 badala ya 467.

Ukikaa ndani ya familia hukutani na mtego huo. Mili-ampea mara mili-ampea mara kilo-omu ni mili-wati: 225 × 0.47 ni 105.75, na jina lake ni mW.

Kapasita inapoingia

Hapa ndipo waliokariri kwamba mili na kilo zinafutana huanguka, kwa sababu sasa kuna maikro. Toa LED, weka rezista ya 10 kΩ kwenye mfululizo na kapasita ya 100 µF isiyo na chaji, kisha unganisha betri ileile ya volti 9. Kasi ya kapasita kujaa inatokana na R × C, na zao hilo ni muda. Kilo inapandisha elfu, maikro inashusha milioni, inabaki kushuka elfu:

kΩ × µF = ms

Kumi mara mia ni 1000, na jina lake ni mili-sekunde. Yaani sekunde 1. Aliyedhani kilo na maikro zimefutana zote ataandika sekunde 1000, zaidi ya robo saa. Kwa mega-omu mambo ni tofauti: MΩ × µF ni sekunde kamili, kwa sababu milioni na milioni zinafutana kweli.

Kanuni ya Ohm haijaondoka. Inaitawala rezista kila dakika. Mwanzoni kapasita haina volti, kwa hiyo volti zote 9 ziko kwenye rezista: 9 ÷ 10 ni mili-ampea 0.9. Baada ya sekunde 1, yaani baada ya R × C moja, kapasita imefika karibu asilimia 63 ya volti za betri, ambayo ni volti 5.7. Rezista inabaki na 3.3, na mkondo umeshuka hadi 3.3 ÷ 10, mili-ampea 0.33. Baada ya sekunde 5 kapasita imefika zaidi ya asilimia 99 na mkondo umekaribia sifuri.

Jaribu hili ukiwa na saa ya simu, mita ikiwa juu ya kapasita. Kapasita hizi kubwa za silinda mara nyingi huruhusiwa kupotoka asilimia 20, kwa hiyo ukipata sekunde 0.8 au 1.2, usihangaike. Zikijaa kufumba na kufumbua, au ukikaa dakika nzima volti hazijafika mbali, rudi uangalie kiambishi.

Kapasita ndogo za duara, zile za rangi ya udongo, zina mtego wake. Zimeandikwa tarakimu tatu tu, kama 104. Hiyo ni 10 ikifuatwa na sifuri nne, na kipimo ni pikofaradi: pF 100,000. Panda ngazi moja, ni nF 100. Panda nyingine, ni 0.1 µF. Na kwenye vifaa vya zamani ukikuta mfd au MFD, maana yake ni maikrofaradi. Hakuna mili hapo, wala mega.

Kikokotoo na mita navyo vina midomo

Kwenye kikokotoo chenye kitufe cha EXP, kitufe hicho tayari kina maana ya mara kumi kwa kipeo. Ili kuingiza 4.7 kΩ unabonyeza 4.7 EXP 3. Anayebonyeza 4.7 × 10 EXP 3 ameingiza 47,000, na jibu lake litakosa kwa mara kumi kamili. Ukiona kosa la mara kumi hasa, anza kushuku hapo. Kitufe cha ENG kinafanya kinyume na adui: kinaonyesha jibu kwa vipeo vya tatu tatu. Ukisoma 1.9 × 10⁻³, hiyo ni mili moja kwa moja.

Kwenye zile mita ndogo za njano zilizojaa maabara, kipimo kinatokana na mahali ulipoelekeza kisu cha kuzungusha. Rezista ileile ya omu 470 kwenye 2000 itaonyesha karibu 470, na hizo ni omu. Kwenye 20k itaonyesha karibu 0.47, na hizo ni kilo-omu. Kwa mkondo, 14.9 ukiwa kwenye 20m ni mili-ampea. Ikionyesha 1 peke yake upande wa kushoto, haisemi moja. Inasema kipimo kimezidi, panda ngazi. Ndiyo maana kwenye daftari andika namba pamoja na kipimo wakati uleule unaposoma. Ukiandika 0.47 tupu saa nne asubuhi, jioni ukiandika ripoti hutajua ilikuwa ya nani.

Jipime

Fanya haya bila kuandika kipeo hata kimoja, kisha yarudie kwa ampea, omu na faradi uone kama yanakubaliana.

1. Volti 12 kwenye 2.2 kΩ. Mkondo ni ngapi?
2. Maikro-ampea 50 zinapita kwenye 100 kΩ. Volti ni ngapi?
3. Rezista ya 220 kΩ iko na kapasita iliyoandikwa 104. R × C ni muda gani?
4. Rezista ya 1 kΩ ni ya robo wati. Mkondo wa juu kabisa inaohimili ni upi?

Majibu: la kwanza ni mili-ampea 5.45. La pili, µA na kΩ si ukoo mmoja, kwa hiyo geuza moja: µA 50 ni mA 0.05, mara 100 ni volti 5. La tatu, 104 ni 0.1 µF, mara 220 ni mili-sekunde 22. La nne, mkondo kwa kipeo cha pili mara 1 kΩ usizidi mili-wati 250. Kipeo cha pili cha nambari gani ni 250? Karibu 15.8, na kwa kuwa tuko ndani ya familia, hizo ni mili-ampea.

Ukikosa la pili peke yake, rudia sehemu ya familia. Ukikosa la tatu, tafuta kapasita mbili tatu za duara kutoka kwenye redio mbovu, usome tarakimu zake kwa sauti hadi pikofaradi zifike kwenye maikrofaradi bila kusitasita.